Uzoefu wangu na Vault: nenosiri limetoka kwenye imeji, ila umeme ukikatika jiandae

Natumia HashiCorp Vault, programu ya kutunza siri kama manenosiri, kwenye seva ndogo hapa Kigoma, inayoendesha mfumo wa mauzo ya dagaa: kontena moja ya programu, nyingine ya hifadhidata ya Postgres. Nimeridhika nayo sana, lakini mtu wa huku anapaswa kujua tabia yake moja kabla hajaiweka.

Mfumo tuliurithi ukiwa na nenosiri la hifadhidata ndani ya Dockerfile, kwenye mstari wa `ENV`. Hata ukiongeza `RUN unset DB_PASSWORD` chini yake, haisaidii, kwa sababu imeji hutunza historia ya kila hatua iliyoijenga. Angalia mwenyewe:

```
docker history --no-trunc mauzo:1.4
```

La kwetu lilitokea waziwazi. Yeyote aliyewahi kuvuta imeji hiyo analo, kwa hiyo tulianza kwa kulibadilisha kwenye Postgres, ndipo tukajenga imeji upya.

Sasa hakuna nenosiri la kudumu la programu. Programu inapoomba, Vault inaunda mtumiaji mpya wa Postgres, jina lake likianza na `v-approle-mauzo-`, na sisi tumempa saa 1 ya kuishi. Muda ukiisha, anafutwa. Programu lazima iongeze muda kabla haujaisha, na ikifika kikomo cha juu iombe mtumiaji mwingine. Ukiona `password authentication failed` inarudi kila baada ya saa moja, sehemu hiyo ya msimbo haijakaa sawa.

Jambo la umeme ndilo hili. Seva ikizima na kuwaka, Vault inaamka ikiwa imefungwa. Data yake iko salama kwenye diski, imesimbwa, lakini haimpi mtu siri yoyote. `vault status` itaonyesha `Sealed true`, na programu itakwama hata kama kontena zote zimewaka. Kwa mpangilio wa kawaida, siku ya kuiandaa unapewa vipande 5 vya ufunguo, na vinatakiwa 3 kuifungua:

```
vault operator unseal
```

Amri hii inarudiwa mara tatu, kila mara kwa kipande tofauti. Sisi tumewagawia watu watano, na wawili kati yao hushinda mwaloni Kibirizi. Umeme ukikatika usiku, mauzo ya alfajiri yanawasubiri. Ndiyo maana seva tumeiwekea betri ya akiba. Vault inaweza pia kujifungua yenyewe kwa ufunguo ulioko kwenye huduma ya wingu, lakini hapo unahitaji intaneti muda huohuo seva inapowaka, na laini yetu huanguka pamoja na umeme. Kuweka vipande vyote kwenye seva hiyohiyo nimekataa kabisa: atakayeiba seva ataondoka na funguo zake.

Kwa mfumo wa kontena moja na mtu mmoja wa kuutunza, nisingeiweka Vault. Siri za Docker Compose, zinazosomwa ndani ya kontena kutoka `/run/secrets`, zinatosha kulitoa nenosiri kwenye imeji, na seva ikiwaka upya hazimsubiri mtu.