Uzoefu wangu wa kubadili jina na nembo ya ukurasa wa duka kwenye Instagram na Facebook

Nina duka la nguo za watoto mjini Moshi, jirani na Soko la Memorial, na kwa miaka kadhaa ukurasa wetu ulibeba jina lenye maneno mawili, Mitumba na Memorial. Tulipoacha mitumba na kuanza kushona nguo mpya, neno la kwanza lilianza kutukosesha biashara, kwa kuwa mama anayetafuta gauni la komunio alipita bila hata kuuliza bei. Haya ni maoni yangu kuhusu huduma ya kubadili jina kama inavyotolewa na Instagram na Facebook, pamoja na yale ambayo mitandao hiyo haiwezi kukufanyia.

Kubadili jina kwenyewe hakumwondoi mfuasi hata mmoja, kwani wafuasi wako kwenye akaunti, si kwenye jina. Wanaoondoka ni wale wanaokutana na picha yako baadaye wakashindwa kukutambua. Mtu anayepitisha kidole kwenye simu huona juu ya picha vitu viwili tu, yaani duara dogo la nembo na jina la mtumiaji, na vikigeuka vyote siku moja ataamini kwamba ukurasa huo hakuwahi kuufuata. Kwa hiyo tulibadili nembo kwanza, tukaliacha jina la zamani hadi wateja walipoizoea, ndipo tukaligusa jina. Neno Memorial tumelibakiza kwenye jina jipya, na rangi ya chungwa nyuma ya nembo haikuguswa.

Mchoraji alituletea nembo ya mraba yenye maandishi membamba, nzuri sana kwenye kompyuta. Lakini Instagram hukata picha ya wasifu kuwa duara, na pembeni mwa maoni duara hilo huwa dogo kama punje ya hindi, hivyo pembe zote nne zilipotea na maandishi hayakusomeka. Tuliirudisha, akabakiza herufi moja nene katikati. Ninashauri kila mchoro utazamwe kwanza kwenye simu ya bei nafuu kabla ya kulipia salio.

Kwa upande wa Instagram, huduma ni ya haraka, ila ina mambo mawili ya kujua. La kwanza, jina la mtumiaji na jina la kawaida la ukurasa ni sehemu mbili tofauti, na zote hutumika mtu anapotafuta. Tulipobadili la mtumiaji, kwenye sehemu ya jina tuliandika jina jipya likifuatiwa na neno «zamani» na jina la awali, ili anayetafuta la zamani bado atupate. Sehemu hiyo huruhusu mabadiliko mawili tu ndani ya siku 14, kwa hiyo hakiki herufi kabla ya kuhifadhi. La pili, jina la mtumiaji uliloliacha mara nyingi hutunzwa kwa siku 14 ili uweze kulirudia, kisha linaweza kuchukuliwa na mtu yeyote, tapeli akiwemo. Muda huo ulipopita tulilisajili kwa akaunti ya pili yenye picha moja tu, inayoelekeza kwenye ukurasa halisi.

Facebook ni wagumu zaidi, na mimi naona ni haki yao. Ombi hukaguliwa, jambo linaloweza kuchukua hadi siku 3, na likikubaliwa huwezi kubadili tena kwa siku 7. Jina linalofanya ukurasa uonekane kuwa wa kitu kingine kabisa linaweza kukataliwa, na hapo ndipo neno tulilobakiza lilipotusaidia tena. Historia ya majina hubaki wazi kwenye taarifa za uwazi wa ukurasa, nasi humwelekeza huko mteja mwenye shaka.

Kwenye WhatsApp, mteja aliyehifadhi namba yetu huendelea kuona jina alilolihifadhi mwenyewe, liwe lolote. Hao ndio pia wanaofikiwa na orodha ya matangazo, kwa hiyo tuliwaandikia mapema, kwa namba ileile waliyoizoea.

Mkanganyiko mkubwa ulitokea mahali ambapo sikuona fundi yeyote wa mitandao akipazungumzia, yaani kwenye malipo. Mteja wa Arusha anaagiza kwenye ukurasa wenye jina jipya, anaingiza Lipa Namba, na kabla hajaweka namba ya siri anaona jina la zamani. Wengi walisitisha hapohapo na kutupigia, na siwalaumu, maana matapeli wametuzoesha hivyo. Ili jina la malipo libadilishwe tulitakiwa kupeleka cheti chenye jina jipya kutoka BRELA, na wakati tukisubiri tulibandika juu ya ukurasa picha ya skrini ya malipo, jina la zamani likizungushiwa mstari, na chini yake maneno haya: «Jina hili ni letu, linabadilishwa.» Simu za kuuliza zilipungua sana. Ningeanza na BRELA kabla ya kumwita mchoraji, kwa sababu jina likikataliwa kule kwa kufanana na la mwingine, nembo uliyoilipia haina kazi.