Kalamu ya brashi ya ncha ngumu kwa anayeanza: uzoefu wangu hapa Lamu

Kwa anayeanza, chukua yenye ncha ndogo na ngumu. Ile laini hulala kabla hujaamua kuikandamiza. Hii ngumu hupinda kidogo tu, kwa hiyo mkono unapata muda wa kujirekebisha.

Waliosoma khati kwa kalamu ya mwanzi watataabika mwanzoni. Mwanzi hukatwa ncha mshazari, na unene wa mstari hutoka kwenye ule mkato na namna ulivyoushika. Brashi haina mkato. Unene wake ni uzito wa mkono. Ukishuka unakandamiza, ukipanda unalegeza mpaka ncha iguse karatasi kwa shida. Ilaze kalamu kama nyuzi 45, ubavu wa ncha ndio ukanyage karatasi. Ukiisimamisha wima, mistari yote hutoka sawa na ncha huota manyoya mapema.

Zoezi langu ni neno moja, amu, kwa herufi ndogo zenye kimo cha milimita 6 hivi. Herufi a ni viharusi viwili. Cha kwanza ni yai: anzia juu kulia, pale mshale mfupi wa saa unapokuwa saa nane, panda kwa wepesi, pinda kushoto, shuka kwa uzito, kisha rudi juu kwa wepesi mpaka ulipoanzia. Nyanyua kalamu. Cha pili hushuka kikigusa ubavu wa yai, halafu kinapinda chini na kupanda chembamba. Herufi m ni mstari wa kushuka, upinde, na upinde mwingine unaomalizikia kwa mkia wa kupanda. U ni pinda mbili za chini. Kila kiharusi kikiisha, nyanyua. Hii si hati ya mkono ya kukimbizana, na anayeiandika kwa mkupuo mmoja hupata unene mahali pasipostahili.

Kosa kubwa liko kwenye kona ya chini. Wengi hulegeza mkono wakishafika kwenye mstari, basi chini kunakuwa na tumbo jeusi kama matone. Anza kulegeza robo ya urefu ikiwa bado imebaki, ili ukifika kwenye pinda tayari umekuwa mwembamba. Mstari wa kupanda ukitetemeka, mara nyingi ni kwa sababu unasukuma kwa vidole; sogeza mkono mzima kuanzia begani. Jaza ukurasa wa pinda za chini peke yake kabla ya kurudi kwenye neno.

Karatasi ya fotokopi siipendekezi. Ni ya kukwaruza, hula ncha, na kwa unyevunyevu wetu wa pwani wino husambaa pembezoni kama mizizi. Tafuta karatasi laini inayoteleza, hata ile ya kuchoreshea ramani, na uihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki. Kifuniko nacho kikazwe mpaka kilie.