Kusoma data kwenye 6502: njia ipi ya kuelekeza anwani inastahili bei yake

Kwenye 6502, prosesa ya biti 8 iliyotoka mwaka 1975, hakuna amri ya bure. Kila moja unailipia mara mbili: kwa baiti inazokaa kwenye kumbukumbu, na kwa mapigo ya saa yanayopita hadi imalizike. Amri ni ileile, lakini bei inapanda au kushuka kulingana na jinsi ulivyomwambia prosesa mahali pa kuichukua data. Nitazipanga njia hizo kwa kazi moja tu: kujumlisha namba 10 zilizopangwa mfululizo kuanzia anwani $0300. Tuchukulie jumla yake haizidi 255.

Nafasi ya kwanza naipa anwani kamili yenye faharisi.

```
       LDX #9
       LDA #0
       CLC
RUDIA  ADC $0300,X
       DEX
       BPL RUDIA
```

X inaanza na 9 na kushuka hadi 0, na kila mara prosesa anaijumlisha na $0300 ili kupata anwani ya namba inayofuata. Kila mzunguko unagharimu mapigo 9: ADC 4, DEX 2, BPL 3. Mzunguko wa mwisho ni 8, kwa sababu BPL isiporuka inachukua mapigo 2 tu. Ongeza 6 ya maandalizi, jumla ni mapigo 95, ndani ya baiti 11. Kwa saa ya megahezi 1, hizo ni mikrosekunde 95.

Kuna makato yaliyojificha. Kumbukumbu imegawanywa katika kurasa za baiti 256. Prosesa anaanza kwa kujumlisha X kwenye baiti ya chini ya anwani. Jumla ikifurika, anahitaji pigo moja zaidi kurekebisha baiti ya juu. Hamishia orodha hiyohiyo $03FA, na namba 4 za mwisho zitaangukia kwenye ukurasa unaofuata. Sasa unalipa 99. Programu inatoa jibu sahihi kama kawaida, hivyo hutagundua mpaka upime muda. Ukiandika kwa STA badala ya kusoma, hapo hata kupanga vizuri hakusaidii: pigo hilo la ziada hutozwa kila mara.

Nafasi ya pili ni anwani kamili bila faharisi, yaani kuandika ADC mara 10, kila moja na anwani yake. Ndiyo ya haraka kuliko zote: mapigo 44. Lakini inakula baiti 33, na siku orodha ikiwa ya namba 11 lazima urudi kuhariri programu. Inafaa pale tu unapobanwa na muda kwelikweli.

Ya tatu ni kielekezi chenye Y. Unaweka anwani ya orodha kwenye baiti mbili za ukurasa sifuri, baiti ya chini ikitangulia, kisha unapitia humo.

```
       LDA #$00
       STA $FB
       LDA #$03
       STA $FC
       LDY #9
       LDA #0
       CLC
RUDIA  ADC ($FB),Y
       DEY
       BPL RUDIA
```

Mapigo 115, baiti 18. Kwa orodha moja ni hasara. Ila ukiwa na orodha nyingi, unabadilisha $FB na $FC tu na kitanzi kinabaki kilekile. Hapo ndipo bei hii inajilipa.

Wengi hukimbilia ukurasa sifuri wakiamini ni rahisi daima. Ni kweli bila faharisi: `LDA $80` ni mapigo 3, pungufu ya anwani kamili kwa moja. Lakini `ADC $80,X` ni mapigo 4, sawasawa na `ADC $0300,X`. Umeokoa baiti moja, na umetumia nafasi 10 kati ya 256 ambazo vielekezi vinazihitaji. Tena faharisi haitoki nje ya ukurasa huo: `LDA $F0,X` ikiwa X ni $20 inasoma $10, si $0110.

Thamani ya papo hapo, kama `LDA #5`, ndiyo ya bei ya chini kabisa, mapigo 2, ila inafaa kwa namba isiyobadilika tu. Tahadhari na alama ya #. Ukiisahau, `LDA 5` inasoma kilichomo kwenye anwani 5, na asembla halalamiki hata kidogo. Tazama orodha ya msimbo aliyotoa: ulitaka A9 05, na ukikuta A5 05 umeshampata mwizi wako.

Mkiani ni `($FB,X)`, mapigo 6. Hapa X inachagua kielekezi, haitembei ndani ya orodha. Kwa kazi yetu ingebidi uandae vielekezi 10 vya baiti mbili mbili ili kusoma namba 10.