Nimonia ya mtu mzima: amoksilini au doksisaiklini?

Kabla ya kuchagua dawa, jibu kwanza kama mgonjwa anaweza kutibiwa nyumbani. Chukua dereva wa bodaboda wa miaka 40: homa, kichomi ubavuni, makohozi yenye rangi ya kutu. Akili yake timamu, anapumua mara 24 kwa dakika (hesabu dakika nzima, usikisie), presha 118/74, oksijeni asilimia 95. Huyu arudi nyumbani na vidonge. Angekuwa amechanganyikiwa, anapumua mara 30 au zaidi, namba ya juu ya presha iko chini ya 90, au oksijeni chini ya 90, ningempeleka hospitali bila kubishana. Miaka 65 na kuendelea nayo huongeza hatari.

Kwa dereva wetu ningeanza na amoksilini, gramu 1 mara tatu kwa siku, siku 5. Inampiga vizuri nyumokokasi, mshukiwa mkuu, na mjamzito anaweza kuitumia. Udhaifu wake ni maikoplazima: kijidudu hicho hakina ukuta wa seli, na ukuta ndio dawa hii inaoushambulia.

Doksisaiklini, miligramu 100 mara mbili kwa siku, humfikia maikoplazima na humfaa mwenye mzio wa penisilini. Lakini mjamzito asipewe, na isimezwe pamoja na maziwa au vidonge vya madini ya chuma, maana hufyonzwa kidogo. Inywewe kwa maji mengi, mtu akiwa wima, isije ikaunguza umio.

Dawa yoyote kati ya hizi, homa isiposhuka baada ya siku 3 mgonjwa apimwe upya, kifua kikuu kikiwemo.