Nilivyopima betri mpya ya simu kabla ya kufungiwa

Simu yangu ilikuwa inazima ikiwa bado na asilimia 30, nikaipeleka kwa fundi ibadilishwe betri. Nilimwomba tupime kabla hajafunga chochote, naye akakubali bila kununa. Kwa hilo nampa sifa zake.

Tulianza na betri ya zamani. Betri ikichoka, uwezo wa kutunza chaji hupungua lakini uzito hubaki karibu uleule, ndiyo maana usikubali itupwe kabla ya kuipima. Yangu ni ya mAh 4000, na mizani ilisoma gramu 59. Mpya ya kwanza, yenye umbo lilelile, ilisoma gramu 41. Gramu mbili tatu ningesema ni gundi au waya, ila ikipungua karibu theluthi ujue ndani kuna seli ndogo.

Maandishi yake nayo yalijikana yenyewe. Iliandikwa 4500 mAh, 3.85 V, 15.4 Wh. Zidisha mAh kwa volti, ugawe kwa 1000: unapata Wh 17.3. Hiyo 15.4 ni ya betri ya 4000. Aliyechapa alipandisha namba inayovutia mteja, ile ndogo ya chini akaiacha kama ilivyokuwa.

Ya pili ndiyo iliyonifundisha zaidi. Gramu 58, hesabu ya lebo sawa, chapa safi. Fundi aliichaji ikajaa, akaiunganisha na kifaa kinachonyonya umeme kwa ampia 1 mpaka volti zishuke hadi 3. Kwa betri nzima ya 4000 kazi hiyo huchukua takriban saa nne, lakini hii iliishiwa kabla ya saa tatu: mAh 2870. Tulipoinua ukingo wa lebo tukakuta lebo nyingine chini yake, na kwenye vibati vya kuunganishia kulikuwa na risasi ya zamani ya kuchomelea. Ni seli iliyokwisha kutumika, ikavishwa nguo mpya. Mizani haiwezi kuikamata, na hata simu yenyewe inaweza kudanganyika, kwa sababu asilimia ya afya ya betri hutegemea taarifa za chipu iliyo kwenye betri, na chipu hiyo huweza kuandikwa upya.

Ya tatu ilitoa 3880, nikaridhika. Upungufu mdogo kama huo ni wa kawaida, maana lebo nyingi hutaja uwezo wa wastani, na ule wa chini unaohakikishwa huwa pungufu kidogo.

Kazi ya kufunga ilikuwa safi na simu sasa haizimi ovyo. Lakini fundi huyu hapimi mpaka aombwe. Mteja mwenye haraka anafungiwa iliyo karibu na mkono, na ile ya gramu 41 niliiona ikirudishwa rafuni pamoja na nyingine. Nilimwambia wazi kwamba hilo si sawa. Ukienda, iache simu asubuhi na umwambie kabisa unataka namba ya kile kifaa, siyo ya lebo.