Uzoefu wangu na vipimo vya hofu ya soko: fandingi nimeibakiza kwenye chati, faharisi ya hofu nimeiweka pembeni

Kwenye chati zangu za sarafu za kidijitali nimetumia vipimo viwili vya hisia za soko kwa lengo moja, kwenda kinyume na umati. Cha kwanza ni kile cha hofu na tamaa cha Alternative.me. Cha pili ni ada ya fandingi, ile inayolipwa kwenye mikataba isiyo na tarehe ya kuisha. Watu wengi huvitaja pamoja kana kwamba vinasema jambo lilelile: wengi wakiogopa, nunua, wengi wakiingiwa na tamaa, uza. Mimi naona vinatofautiana sana, na tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya nikipe kimoja kazi na kingine nikiache kama habari ya pembeni.

Kipimo cha hofu na tamaa ni cha bure na kukisoma ni rahisi. Kinatoa namba moja kwa siku, kuanzia 0 hadi 100, ambapo 0 ni hofu tupu. Tatizo langu nacho ni viungo vyake. Robo ya alama inatokana na jinsi bei ya Bitcoin inavyoyumba ikilinganishwa na wastani wa siku 30 na wa siku 90. Robo nyingine inatokana na kasi ya bei na wingi wa biashara. Yaani nusu nzima imetoka kwenye chati ileile unayoiangalia. Bei ikiporomoka, namba inaporomoka nayo, halafu mtu anaichukua kama shahidi wa pili. Shahidi wa pili hayupo hapo, ni yuleyule amebadilisha shati.

Asiyeamini aichukue historia yake mwenyewe, ipo wazi:

```
https://api.alternative.me/fng/?limit=0
```

Ukiifungua utaona `value` na `timestamp` za kila siku tangu Februari 2018. Ziweke kando ya bei, kisha nenda moja kwa moja hadi Mei 2022, baada ya kuanguka kwa Terra, mtandao wa sarafu za kidijitali. Katikati ya mwezi ule namba ilishuka hadi 8, huku Bitcoin ikiwa karibu dola 30,000. Kwa kanuni ya kwenda kinyume, hapo ni pa kununua. Juni 18 bei ilifika chini ya dola 18,000, yaani karibu asilimia 40 ilikuwa imeyeyuka, na muda wote huo kipimo kilikuwa bado kinasema hofu kali. Endelea hadi Novemba 2022, soko la sarafu la FTX lilipofilisika. Bei ilishuka chini zaidi ya ile ya Juni, lakini namba haikurudi kwenye tarakimu moja. Aliyesubiri hofu izidi ile ya Juni ndipo anunue alisubiri bure.

Upande wa tamaa ni mgumu zaidi. Novemba 2020 kipimo kilivuka 90 wakati Bitcoin haijafika hata dola 20,000. Katikati ya Aprili 2021 ilikuwa imepita 64,000. Tamaa inaweza kudumu kwa miezi, na kuuza kwa sababu tu namba imezidi 75 ni kujitoa kwenye safari ikiwa ndiyo kwanza inaanza.

Fandingi ni habari nyingine, kwa sababu ni pesa halisi inayobadilisha mikono. Mkataba usio na tarehe ya kuisha hauna siku ya kulazimishwa kukutana na bei ya soko la papo hapo, yaani pale sarafu yenyewe inapouzwa, kwa hiyo ada hii ndiyo inayouvuta. Bei ya mkataba ikizidi ya papo hapo, walioweka dau bei ipande wanawalipa walioweka dau ishuke. Ikiwa chini vya kutosha, malipo yanageuka. Kwenye masoko mengi hulipwa kila baada ya saa 8.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita. Kwenye masoko mengi kiwango cha kawaida ni 0.01% kwa saa 8, kwa sababu kanuni yenyewe imewekewa riba ya 0.03% kwa siku. Kwa hiyo ukiona 0.01% usiseme watu wana tamaa. Soko limetulia tu. Sifuri ni ubaridi kidogo. Chini ya sifuri ndipo wauzaji, yaani walioweka dau bei ishuke, wanapolipia nafasi yao. Angalia pia muda wa malipo, maana yapo masoko yanayotoza kila saa 4 au kila saa 1. Mimi hugeuza zote ziwe za siku kabla ya kulinganisha.

Chukua mkataba wa dola 1,000. Fandingi ya 0.01% inakutoza senti 10 kila awamu, senti 30 kwa siku, na huwezi kuisikia. Ikipanda hadi 0.1%, unatoa dola 3 kwa siku. Sasa kama mtaji wako ni dola 100 na zilizobaki ni za kukopa kwa mara 10, hizo dola 3 ni asilimia 3 ya mtaji kila siku, hata bei isiposogea. Huyo mtu hana uvumilivu. Bei ikilala siku chache tu ataanza kufunga, na anapofunga anauza. Ndiyo maana fandingi kubwa huku bei imekwama naiheshimu: kuna watu wanaolazimika kuuza, na naweza kukadiria wanaumia kiasi gani.

Upande wa kununua ninadai mambo matatu yakutane. Fandingi iwe chini ya sifuri kwa awamu kadhaa mfululizo, si mshumaa mmoja wa kutisha. Jumla ya mikataba iliyo wazi iwe inapanda, maana yake wauzaji wapya wanaingia. Na bei igome kutengeneza kina kipya, yaani isishuke chini ya pale ilipogusa mwisho. Wauzaji wanaongezeka, wanalipa, na bei haishuki: hapo ndipo huingia, nikiweka kikomo cha hasara chini ya kile kina. Mikataba ikiwa inapungua, siingii. Hao ni watu ambao soko linawafungia mikataba kwa nguvu na dhoruba haijaisha.

Hata hivyo, lazima ujiulize ni nani anayelipa. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Ethereum kabla ya Septemba 15, 2022, siku mtandao ulipoacha uchimbaji. Fandingi ilizama chini sana, na kwa macho ya haraka ungesema wauzaji wamejazana na bei itawalipua kwenda juu. Lakini wengi wao walikuwa wameshika sarafu zenyewe ili wapewe bure zile za tawi jipya la mtandao ambalo wachimbaji walikuwa wanalianzisha, na mkataba wa kuuza ulikuwa kinga tu. Hawakuwa na hofu wala dau. Tukio lilipopita walifunga mikataba na wakauza sarafu, fandingi ikarudi kawaida, na ndani ya siku chache bei ilitoka karibu dola 1,600 hadi karibu 1,300.

Tangu hapo kabla ya kuifuata fandingi hasi naangalia kalenda kwanza: je, kuna mgao wa sarafu za bure, mgawanyiko wa mtandao, au sarafu zilizofungwa zinazokaribia kufunguliwa? Kama lipo hata moja, ile namba naichukulia kuwa gharama ya kinga na siifanyii biashara. Kipimo cha hofu nacho bado nakifungua asubuhi, lakini nimekiondoa kwenye chati na hakuna oda yangu inayokisubiri.