Siku nne kaunta ya bima haikuweza kuniambia kinga yangu ilianza lini

Nauza vitambaa Kariakoo, na hasira iliyonikaa hadi leo haikutokana na bei ya bima. Imetokana na swali moja nililolipeleka kwa kampuni yangu mara tatu, na kila mara nikarudishwa nyumbani bila jibu: kinga ya duka langu ilianza lini?

Nilikata bima ya moto na wizi kwa ajili ya mzigo ulio dukani. Jumatatu nilijaza fomu ya maombi kwa wakala. Jumanne, saa tisa alasiri, nikatuma fedha kwa simu, na yule kijana akaniambia, "Mama, kuanzia sasa lala usingizi." Risiti ya kampuni ilitoka Jumatano. Kisha Jumatatu ya wiki iliyofuata ikaingia meseji: maombi yako yamekubaliwa, hati ya bima inaandaliwa. Mwanzoni sikuzitilia maanani tarehe hizo. Nilijua nimelipa, basi.

Alhamisi usiku, katikati ya siku hizo zote, jengo la nyuma yetu lilishika moto. Wenye Kariakoo yetu, tangu soko kuu liungue Julai 2021, tukisikia harufu ya plastiki usiku tunakimbia na funguo mkononi. Moto ulizimwa kabla haujafika kwangu. Mzigo wangu ulipata harufu ya moshi tu, tukauanika siku mbili, hakuna nilichopoteza. Lakini usiku ule nimesimama barabarani ndipo niliporudia hesabu. Kama kinga ilianza Jumanne au Jumatano, Alhamisi nilikuwa ndani. Kama ilikuwa bado inasubiri maombi yakubaliwe, duka lingeungua lote na mimi ningekuwa na risiti na fomu tu mkononi.

Nikaenda ofisini kwao. Dada wa kaunta alifungua kompyuta, akasema faili linashughulikiwa. Nikamwambia sijaulizia faili, naulizia tarehe. Akanitazama, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mama, kwani duka limeungua?" Watu wawili wakacheka. Nimefanya biashara miaka mingi, nimetukanwa na wateja na wenye malori, lakini sentensi hiyo ndiyo iliyonichoma. Mtu anayeuza bima ya moto anamuuliza mteja kwa nini anataka kujua kabla ya kuungua!

Mara ya pili aliniambia risiti inatosha. Haitoshi, na hili nilielezwa na mama mmoja aliyewahi kufanya kazi kwa dalali wa bima. Risiti inaonyesha fedha zimepokelewa. Haisemi kampuni imebeba hatari kuanzia saa ngapi. Fomu ya maombi nayo ni ombi langu mimi, si ahadi yao. Hati ya bima ndiyo ingesema, na haikuwepo. Kwa hiyo kabla haijatoka, unachohitaji ni kava noti, ambayo huandikwa ndani yake siku inaanza na siku inaisha, au barua ya kampuni yenyewe. Mimi sikupewa kava noti, na wakala alisema itakuja na hati. Neno la wakala, hata liwe la kweli, ukilipeleka kwenye madai bila karatasi, utabaki unabishana nani alisema nini Jumanne saa tisa.

Yule mama alikaa nami dukani tukaandika barua. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa malalamiko matupu, ukurasa mzima, akaichana. Akasema swali lako likiwa refu watajibu sehemu rahisi tu, na ukiuliza "hati yangu itatoka lini" watakujibu "hivi karibuni" na wataona wamemaliza. Kilichotoka ni hiki, nimeondoa namba zangu:

"YAH: OMBI LA UTHIBITISHO WA MAANDISHI WA TAREHE YA KUANZA KINGA. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilijaza fomu ya maombi tarehe … na kulipa ada ya bima tarehe … saa tisa alasiri, risiti namba … Hati ya bima bado haijatolewa. Naomba mnithibitishie kwa maandishi: kinga ya mzigo wangu ilianza tarehe na saa ngapi, na je, ilikuwepo usiku wa Alhamisi tarehe … Nawajulisha kuwa usiku huo jengo jirani liliungua. Mzigo wangu haukupata hasara na sidai fidia. Naomba jibu ndani ya siku saba za kazi, lisainiwe na afisa mwenye mamlaka na kugongwa muhuri wa kampuni."

Nilitaka kuliacha lile la moto wa jirani. Niliogopa watafikiri naandaa dai. Akakataa kabisa: kwenye bima unasema ukweli wote, maana siku wakigundua ulijua jambo ukanyamaza, hapo umewapa sababu ya kukataa dai la kweli. Na barua hii haiombi tarehe irudishwe nyuma. Inaomba tarehe iliyopo itajwe. Ni vitu viwili tofauti, na mtu wa bima atakayeisoma anautambua utofauti huo mara moja.

Nikaipeleka na nakala mbili. Moja ikabaki kwao, moja nikagongewa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Dada wa kaunta hakutaka kugonga. Nilisimama pale mpaka alipogonga.

Siku ya nne ya kazi nikapigiwa simu na mwanamke wa idara ya uandikishaji, ghorofa ya juu. Hapo ndipo hasira yangu ilipopoteza miguu. Alinisalimia, akaniomba radhi, akasema, "Mama, una haki ya kujua hilo, na tulitakiwa tukupe kava noti siku uliyolipa." Jioni yake nikaletewa barua dukani: kinga ilianza Jumatano, saa sita usiku, usiku wa Alhamisi ilikuwepo, masharti ni yale ya hati ya kawaida ya moto na wizi itakayofuata. Saini, cheo, muhuri. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikaisoma mara mbili. Kwa dakika zile ningewapa nyota tano.

Kisha hati ikaja, wiki kadhaa baadaye, na ukurasa wa kwanza tarehe ya kuanza ilikuwa ile Jumatatu ya meseji. Nikahisi moyo unashuka. Nilirudi na barua yao wenyewe, sikupandisha sauti, nikaiweka juu ya hati. Siku mbili baadaye nikapewa kiambatisho cha marekebisho kinachosahihisha tarehe. Bila ile barua ningekuwa naomba wanionee huruma.

Kwa hiyo nawahukumu vipi? Kaunta yao ni mbovu, narudia, mbovu, na yule dada hastahili kukaa mbele ya watu wenye hofu. Lakini kampuni ilipoulizwa kwa maandishi, ilijibu kwa maandishi na ikasimama na jibu lake. Nilikuwa nimeapa nikimaliza mwaka nahama. Sasa sijui. Nikirudi, nitakuwa nimerudi kwa ajili ya yule mwanamke wa ghorofa ya juu, na sitatoa shilingi kabla kava noti haijawekwa mezani, tarehe na saa zikiwa zimeandikwa. Ile barua nimeibana kwa pini nyuma ya hati, ndani ya sanduku la chuma, na nakala yake iko nyumbani kwa mdogo wangu Tandika, mbali na Kariakoo.